Embu Yote, Mwisho Mto Thuci

Embu niliigawa nikiwa nimetia miguu kwenye karai la maji ya moto, jikoni kwangu Kiirua, na wakati huo sikuwa nimewahi kuikanyaga. Afadhali niliseme mimi kabla jirani yangu hajalisema, maana yeye akilisema hulisema kanisani, tena wakati wa matangazo.

Kiirua kuna baridi. Anayepitia huku kwa gari huona ngano na viazi na mlima umejifunika shuka, akasema ni mahali pazuri. Aje akae Julai. Ndiyo maana ya karai. Maana ya kompyuta juu ya meza ya jikoni ni kwamba nilikuwa karani wa mauzo wa kampuni ndogo ya chumvi ya mifugo mjini Meru, na nilikuwa nimemshawishi mwenye kampuni kwamba kazi yangu inaweza kufanyiwa nyumbani siku nyingi za wiki. Tulimwita Mzee, ingawa hakuwa mzee sana. Alikuwa na subira ya mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Alisema, "Sawa, bora kazi ifike." Ikawa inafika. Mimi ndiye niliyekuwa sifiki.

Sijui nilizaliwaje hivi. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Nairobi, Mombasa, mmoja yuko mahali panapoitwa Uholanzi. Mimi nilirudi nyumbani na cheti changu na sikuona sababu ya kutoka tena. Safari yangu ndefu kabisa ilikuwa Chuka, kwenye mazishi, na nilirudi siku hiyo hiyo na kichwa kikiniuma. Mke wangu husema siku nikifa watu watashangaa kwamba nimetoka nje.

Jirani yangu ni mtu wa namna nyingine. Ni mama anayefanya biashara ya mbuzi. Siku za soko huteremka hadi Ishiara, kule Mbeere kwenye joto, akanunua mbuzi akarudi nao kwa pikapu na kuwauzia wenye bucha wa barabara ya Nanyuki. Ua wa kaiyaba unatutenganisha, na ua huo una tundu ambalo yeye hulitumia kama simu.

"Muga, karani!"

"Muga muno."

"Bado unaatamia? Vifaranga vinatoka lini?"

"Nafanya kazi, mama."

"Ya kukaa. Hata mimi nikikaa hivyo nitataga. Twende Ishiara kesho uone watu, nitakuweka mbele, mbuzi wakae nyuma."

Nami hujibu kwamba kesho nina shughuli. Nilikuwa na shughuli kila kesho kwa miaka.

Sasa, barua pepe yenyewe.

Kampuni ilikuwa na msambazaji mmoja tu wa maana, bwana mwenye stoo kubwa Meru mjini. Eneo lake lilikuwa Meru pamoja na Tharaka na Chuka, yaani ile Meru nzima ya zamani kabla kaunti hazijaja. Upande wa Embu hatukuwa na mtu. Gari letu lilikuwa likishuka siku za soko la Ishiara, dereva anauza magunia ya chumvi na yale mawe ya kulamba moja kwa moja kutoka nyuma ya gari, kisha anarudi. Yalikuwa yakitoka vizuri mno kule. Mzee akasema gari linachakaa, tutafute msambazaji wa Embu.

Akapatikana. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye duka la dawa za mifugo Embu mjini na stoo nyingine Ishiara, kwa sababu alizaliwa Ishiara na hakuwa na aibu ya kurudi kwao. Alikuwa anauza chumvi ya kampuni nyingine. Nasi tulitaka aiache, maana msambazaji wetu haruhusiwi kuweka rafuni chumvi ya mshindani. Akaniandikia akisema yuko tayari kuiacha, ila kwanza anataka kuona masharti yote kwa maandishi, yakiwa na namba.

"Mwandikie," Mzee akaniambia. "Lakini shuka kwanza ukaone. Nenda na gari siku moja."

Nikasema nitakwenda. Wiki hiyo ng'ombe wangu alikuwa anakaribia kuzaa. Hilo ni kweli, msicheke. Alizaa, ndama dume. Lakini alizaa Jumanne, na gari lilikwenda Ishiara baadaye.

Basi nikaandika bila kwenda. Naikumbuka barua ile kama mtu anavyokumbuka mtihani alioanguka. Kichwa chake kilikuwa "Uteuzi wako kuwa msambazaji wetu wa Embu", na chini yake masharti kwa namba, kama alivyotaka.

Ya kwanza ilikuwa eneo. Niliandika: Embu yote, mwisho mto Thuci. Ndani ya mpaka huo ni wewe peke yako. Mteja ni wa eneo lile ambako duka lake au boma lake liko, popote atakaponunulia. Akitoka nje ya eneo lako, mauzo hayo yatahesabiwa kwa msambazaji wa eneo lake. Sentensi hiyo ya mwisho niliitoa kwenye barua ya yule bwana wa Meru, ambaye aliwahi kulalamika kwamba wateja wake wanakwenda kununua Isiolo. Nikaona ni sentensi nzuri, ina haki ndani yake. Nikaibandika.

Kuhusu Thuci sikuwa na shaka hata kidogo. Tangu shule ya msingi tulijua huku ni Wameru, kule ni Waembu, katikati ni Thuci. Mto haubishani na mtu.

Ya pili ilikuwa lengo, yaani kiasi cha magunia atakachonunua kwetu na kuuza kila robo mwaka. Hapa nilijiona mtaalamu. Nilichukua rekodi za gari letu, nikajumlisha kila kilichouzwa Embu mjini, Runyenjes, na Ishiara siku za soko. Ishiara peke yake ilikuwa karibu nusu. Nikaongeza kidogo juu, kwa sababu msambazaji anapaswa kufanya vizuri kuliko gari.

Ya tatu ilikuwa bei: bei yake ya kuchukulia kwenye ghala letu, bei ya kuwauzia wenye maduka, na bei tunayopendekeza mfugaji anunue nayo. Asishushe chini ya hiyo ya pili bila kutuuliza. Akifikisha lengo la robo, anarudishiwa asilimia fulani. Ya nne ilikuwa ripoti. Kufikia tarehe tano ya kila mwezi alete orodha ya mauzo, kila mnunuzi na mahali anapotoka, na mzigo uliobaki stoo. Ya tano ilisema kwamba akikosa lengo robo mbili mfululizo, uteuzi unakwisha na mzigo uliobaki tunauchukua.

Nikampelekea Mzee. Akajibu kwa neno moja, "Tuma." Nikatuma. Mwalimu akajibu asubuhi iliyofuata: "Nimesoma masharti yote matano. Nayakubali. Katika sharti la nne umerudia neno 'kila' mara mbili." Nikacheka. Nikamwambia mke wangu kwamba tumepata mtu makini. Na kweli tulikuwa tumempata, maskini.

Msomaji aliyewahi kufika Ishiara ameshaona shimo. Mimi nililiona miezi mitatu baadaye.

Ishiara iko upande wa Embu, ndiyo, lakini Thuci iko hapo karibu, na siku ya soko nusu ya watu wametoka ng'ambo. Ni Watharaka na watu wa nyanda za chini za Chuka. Huja na mbuzi wao, wakauza, na kabla ya kuvuka kurudi wananunua wanachohitaji, chumvi ya mifugo ikiwemo. Ndio waliokuwa wakimaliza gari letu. Dereva hakuwauliza wanatoka wapi, kwa nini awaulize? Kwa hiyo katika sharti la pili niliwahesabu watu hao kwenye lengo la Mwalimu, na katika sharti la kwanza nikampokonya. Mkono mmoja, meza moja, karai moja.

Msambazaji mwingine hangepata shida. Angeandika "Ishiara" kwenye ripoti nzima, kutoka juu hadi chini, na hakuna ambaye angejua. Lakini huyu alikuwa mwalimu. Ripoti yake ya kwanza ilikuja tarehe nne, safi, na kila mnunuzi na kwao: Ishiara, Ishiara, ng'ambo ya Thuci, ng'ambo ya Thuci, Runyenjes, ng'ambo ya Thuci. Nami, kwa kufuata sentensi yangu yenye haki, nikayatoa ya ng'ambo nikayapeleka kwenye hesabu ya yule bwana wa Meru, ambaye hajawahi kuona soko la Ishiara, kama mimi tu. Yeye robo hiyo alivuka lengo lake kwa raha. Mwalimu alikuwa ameuza karibu magunia yote aliyotakiwa, lakini kwa karatasi yangu ameuza nusu.

Akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika dawati la nyuma.

"Karani, ninaomba unifafanulie. Nimeuza au sijauza?"

"Umeuza, Mwalimu. Ila mengine si ya eneo lako."

"Niwafukuze? Mtu ametoka Tharaka na mbuzi, amesimama mlangoni kwangu, nimwambie rudi uende Meru mjini ukanunue chumvi?"

"Hapana, uza tu."

"Nimuuzie, halafu muuzaji awe mtu mwingine."

Kisha nikasema kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka nikiwa peke yangu natikisa kichwa kama ng'ombe mwenye inzi. Nilisema, kwa sauti ya chini ingawa jikoni kulikuwa na paka tu, "Mwalimu, unajua... kwenye ripoti si lazima uandike ng'ambo. Andika Ishiara. Si ni Ishiara wamenunulia?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa upande wake.

"Ripoti hii ameitunga nani?"

"Mimi."

"Na imeuliza nini?"

"Mnunuzi anatoka wapi."

"Basi usinifundishe kudanganya karatasi yako mwenyewe. Badilisha mpaka. Njoo siku ya soko, ukae kwenye kiti mlangoni kwangu, uhesabu. Nitakupikia chai."

Nikaenda kwa Mzee. Sikumficha kitu, isipokuwa lile la kuandika Ishiara. Akasikiliza akikwaruza meza kwa ukucha. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Huyu wa Meru ana barua yangu," alisema. "Tharaka ni yake kwa maandishi. Siwezi kumwondolea kitu kwa kusikia. Nenda Ishiara, uone, uniandikie ukurasa mmoja: watu wangapi wanavuka, wananunua nini. Nikiwa na huo nitamwandikia, nitasema mauzo ya soko la Ishiara ni ya Embu hata mnunuzi atoke mwezini. Lakini ifike kabla robo hii haijaisha. Ikiisha nitakuwa nimempa lengo jipya la mwaka na Tharaka ndani yake, na hatakubali tena, na mimi sitamlaumu."

Ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi maishani kuhusu mahali nisipopajua. Sasa nilitakiwa kuandika mmoja kuhusu mahali nitakapokuwa nimepaona. Nikatoka ofisini nikiwa nimeamua kabisa.

Wiki ya kwanza ilinyesha. Nikasikia kwamba barabara ya kuteremka ina matope. Nani aliniambia? Nilijiambia mwenyewe. Wiki nyingine ndama alikuwa anaharisha. Wiki nyingine jirani alikuja kwenye tundu la ua, akanishika kwa maneno.

"Karani, si unasema una kazi Ishiara? Kesho ninashuka. Nafasi ya mbele iko."

"Kesho nina ripoti ya Meru, mama. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo yako ina miaka."

"Kweli nitakuja."

"Huyo mwalimu wa chumvi amekuulizia. Ameniuliza, 'Ni jirani yako? Ni mgonjwa?' Nimemwambia hapana, ni mzima, amepandwa tu."

"Amepandwa?"

"Ndiyo. Kama mgomba."

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Nami nilicheka. Ndivyo tunavyoishi huku, mtu akikuchoma unacheka ndipo uende ulale. Lakini usiku nilijigeuza sana.

Naomba nieleze, si kwa kujitetea. Sikuwa namchukia Mwalimu, wala sikuwa na shughuli zenye uzito. Kila nilipofikiria kushuka kule nilijiona nimekaa kwenye kile kiti mlangoni kwake, jasho likinitoka, watu wakipita na magunia begani, na kila anayepita ni kosa langu lenye miguu miwili. Nyumbani kosa lilikuwa namba tu. Namba hufunikwa kwa kufunga kompyuta.

Mwalimu aliendelea kuleta ripoti zake tarehe nne. Ng'ambo ya Thuci, ng'ambo ya Thuci. Katika moja aliongeza chini: "Kiti bado kipo." Kisha robo ikaisha.

Yule bwana wa Meru hakusubiri. Aliandika barua pepe, Mzee kwenye nakala, yenye adabu nyingi, na ndani yake akanakili sharti la tano la barua yangu neno kwa neno. Sijui aliipata wapi. Mji ni mdogo. Alisema anaona Embu imekosa lengo robo mbili, na yeye, ambaye takwimu zinaonyesha anakua vizuri upande wa mto, yuko tayari kuichukua Embu ili kampuni isipate hasara. Takwimu zilionyesha hivyo kweli. Mimi ndiye niliyezionyesha.

Mzee aliniita. Aliniuliza swali moja. "Ulikwenda?"

Nikasema sikwenda.

"Andika," akasema, akageukia dirisha.

Nikaiandika ile ya pili. Ilikuwa fupi. Kwa mujibu wa sharti la tano. Uteuzi wako unakoma mwisho wa mwezi. Mzigo uliobaki utahesabiwa na kuchukuliwa mbele ya mwakilishi wa kampuni. Tunakushukuru. Niliisoma mara nyingi nikitafuta neno la kupunguza makali, nikakuta kila neno nililoweka lilikuwa la kunipunguzia mimi. Nikayatoa. Nikatuma. Jibu lake lilikuja mchana ule ule: "Nimepokea." Hakuwa na masahihisho.

Mwakilishi wa kampuni alikuwa nani? Mzee alisema, bila kuniangalia, "Wewe." Kwa hiyo nikaenda Ishiara hatimaye, siku ya soko, kwa nafasi ya mbele ya pikapu ya jirani yangu.

Tulipita Meru, tukapita Chuka, tukavuka Thuci kwa barabara kuu. Nilitoa kichwa dirishani kuutazama. Kumbe ni mto tu. Wanawake walikuwa wanafua. Baadaye tukakata kushoto kuteremka, na joto likaanza kupanda miguuni kama ninavyolijua, ila sasa hakukuwa na karai.

Sokoni watu walikuwa wakija kutoka upande wa mto, mbuzi wakiwa mbele, wengine na watoto mgongoni. Sikuhitaji kuhesabu. Mtu asiyejua kusoma angeandika ule ukurasa mmoja.

Stoo ya Mwalimu ilikuwa na mlango wa bati uliopakwa rangi ya samawati. Yeye alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, kalamu imechomekwa kwenye kitambaa. Alinipa mkono.

"Karibu Ishiara, karani. Umechelewa kipindi, lakini ingia."

"Mwalimu, samahani."

"Hesabu kwanza. Samahani haina safu kwenye fomu yako."

Tukahesabu, mimi naita, yeye anarudia, jirani yangu amekaa kwenye gunia anakula ndizi. Magunia yaliyobaki yalikuwa machache, maana alikuwa ameuza. Kila baada ya muda kidogo mtu alisimama mlangoni kuuliza chumvi, na Mwalimu akasema haiuzwi tena hapa. "Kwa nini?" "Mpaka umehama." Mzee mmoja mwenye fimbo na mbuzi wawili aliuliza tena kwa Kitharaka, naye akamjibu kwa Kimbeere, na mzee akatutazama sisi, akayatazama magunia, akatutazama tena. Magunia yapo. Yanahesabiwa. Hayauzwi. Akageuka na mbuzi wake.

Nilimuuliza Mwalimu kama hawezi kurudia chumvi ile ya kwanza.

"Nilipowaacha walimpa mtu mwingine. Kwa haki kabisa. Na wao wana masharti."

"Sasa utafanya nini na stoo?"

"Nimeirudisha kwa mwenye nyumba. Kuanzia mwezi ujao itakuwa ya kinyozi."

Alisema hivyo akitia sahihi fomu yangu ya mzigo, na kabla ya kunirudishia aliisoma yote, kutoka juu hadi chini, kalamu ikifuata mistari. Nilitamani apate kosa. Hakulipata, au hakulitaja. Kisha akaleta chai kwenye chupa, kama alivyoahidi miezi ile. Kiti kilikuwa mlangoni, cha mbao, cha shule. Nikakikalia. Nikanywa. Chai ilikuwa na maziwa mengi na ilikuwa nzuri, na sikuweza kuimaliza.

Gari la kampuni lilikuja kuchukua mzigo, likaupeleka Meru kwenye stoo ya yule bwana. Baadaye nilisikia kwamba yeye hakufungua kitu chochote Ishiara. Alisema mbali. Watu wa ng'ambo wakaanza kununua chumvi ya mshindani, kwa yule mtu mwingine. Mauzo ya Embu yakashuka, na Mzee akarudisha gari siku za soko, lile lile lililochakaa. Mimi nilibaki karani. Hakunifukuza. Aliacha tu kuniuliza kama nimekwenda mahali.

Lakini nilikuwa nasema siku ile. Tulirudi na mbuzi kumi na kitu nyuma, wakipiga kelele kila kona. Jirani yangu, ambaye kwa kawaida huongea kutoka Ishiara hadi Chuka bila kupumua, hakusema lolote. Tulivuka Thuci. Tulipita Chuka. Nikajaribu kumchokoza kidogo, nikamwambia kwamba leo angalau nimetoka, amekata kiu yake ya miaka. Akabadilisha gia. Baridi ikaanza kuingia tulipopita Meru, nami nikafunga dirisha, na katika kioo nikaona uso wangu, na nyuma yake mbuzi mmoja ananitazama.

Tulifika Kiirua jua likiwa linaingia nyuma ya mlima. Akasimamisha pikapu mbele ya geti lake, akazima injini, akaweka mikono yote juu ya usukani. Nikajua inakuja.

"Ungekuja nilipokuita, yule mama angekuwa na stoo yake," akasema. "Sasa shuka ufungue geti, mbuzi wana kiu."